Suruali Mbichi Kutoka Lushoto

Saa kumi na moja alfajiri, gesti moja Lushoto, nimesimama na boksa mbele ya suruali yangu ya jinzi. Nimeifua jana saa mbili usiku baada ya kuteleza kwenye tope la sokoni. Nikaikamua mpaka viganja vikawaka, nikaitundika mlangoni, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi. Sasa naigusa. Kiunoni mbichi, mifukoni mbichi, na kwenye pindo chini maji bado yanadondoka, tone moja moja, kama yananihesabia dakika za basi.

Suruali nyingine sikuwa nayo. Safari ya siku mbili, nilijiambia, ya nini kubeba kabati? Basi nikaivaa. Aliyewahi kuvaa jinzi mbichi kwenye baridi ya Usambara hahitaji maelezo, na ambaye hajawahi, namwombea iendelee kuwa hivyo.

Kwenye basi nikakaa karibu na bibi mmoja mwenye kikapu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba vizuri kabisa. Tulipofika Soni alipapasa kiti kati yetu, akanitazama usoni, akapapasa tena. Kisha akasema kwa sauti ya huruma ambayo basi zima liliisikia, "Mwanangu, si ungesema tu dereva asimame?"

Nilipofika nyumbani nikamsimulia mama watoto. Yeye ni fundi cherehani, na fundi cherehani hana huruma na mtu aliyeonewa na kitambaa. Alicheka kwanza, akacheka tena, ndipo akasema, "Baba watoto, wewe ulifua gunia ukategemea likauke kama leso."

Sikukubali. Jinzi ni nguo ya kazi, nikamwambia, imara, imevaliwa na wanaume waliochimba migodi. Akanituma dukani kwa jirani na jinzi ikiwa kavu, ipimwe kwenye mizani ya sukari. Kasoro kidogo gramu 700. Nikairudisha, nikaifua, nikaikamua kwa nguvu zangu zote, nikaipeleka tena. Kilo moja na nusu. Muuza duka akaniuliza kama nyumbani kuko salama.

Kwa hiyo ile nguo niliyoiona "nimeikamua vizuri" ilikuwa bado imebeba gramu 800 za maji, zaidi ya robo tatu ya lita. Maji hayo yote nilitaka yaondoke usiku mmoja, ndani ya chumba chenye ubaridi, ukungu ukiwa umeshika dirisha. Hewa ya namna hiyo imekwisha kushiba, haina pa kuyaweka maji mengine. Na kutundika nje usiku ndio ujinga zaidi, maana umande unakuja kuongezea pale ulipokamua.

Ubaya wa pamba, alivyonieleza mama watoto, ni kwamba hainywi maji kwenye nafasi za kati ya nyuzi tu. Uzi wenyewe unakunywa, unavimba, na yale yaliyoingia ndani ya uzi hayatoki kwa kukamua hata ukiita majirani. Poliesta haiko hivyo. Uzi wake karibu haunywi kabisa, maji yanakaa katikati ya nyuzi kama abiria waliosimama mlangoni, ukikamua wanashuka. Nailoni inakunywa kidogo kuliko poliesta inavyokunywa pamba ingekunywa… hapa nilimchanganya, akarudia: nailoni inakunywa zaidi ya poliesta, lakini bado ni kidogo sana ukilinganisha na pamba.

"Na kanga?" nikamuuliza, nikidhani nimemshika. Kanga ni pamba, na inakauka usiku mmoja hata Tanga. Akanijibu bila kuinua macho kwenye cherehani kwamba kanga ni nyembamba. Unene ni nusu ya kesi. Pamba nyembamba itakauka, poliesta nene yenye bitana na mifuko sita haitakauka. Nikanyamaza.

Tukaenda mitumbani kunitafutia suruali ya safari. Mimi nikashika ya kwanza niliyoiona, nyepesi, laini, inateleza mkononi, nikasema hii hapa. Mama watoto akageuza ndani, akasoma lebo, akairudisha. Viskosi. Inajifanya nyepesi lakini inakunywa maji kuliko hata pamba, na ikilowa inalegea, ukiikamua kwa hasira inachanika. Ya pili lebo ilikuwa imekatwa. Hapo akanionyesha ufundi wao mafundi cherehani. Tuliinunua kwanza, maana muuza mtumba hapendi viberiti karibu na meza yake. Nyumbani akachomoa uzi mmoja pembeni mwa kitambaa kwa ndani, uzi wa kitambaa chenyewe na si wa mshono, kwa sababu hata nguo ya pamba siku hizi hushonwa kwa uzi wa poliesta. Akaushika kwa kibano juu ya sahani, akauwasha. Uzi wa pamba huwaka kama karatasi, hunuka karatasi, na huacha majivu laini. Huu wetu ulijikunja, ukayeyuka, ukaacha kidonge kidogo cheusi kigumu. Poliesta. Nilishangilia kama nimefunga goli.

Kuhusu mashati sikununua kitu. Nilikwenda duka moja la mjini lenye viyoyozi, nikaonyeshwa "shati la msafiri" kwa bei ambayo ingenilipia nauli ya safari yenyewe, ya kwenda na kurudi. Nikasoma lebo: poliesta asilimia 100. Nikarudi nyumbani nikafungua kabati, nikasoma lebo ya jezi yangu ya mpira. Poliesta asilimia 100. Miaka yote nimekuwa nayo, naivaa siku ya mechi tu, tena kwa uchungu.

Safari ya pili ya Lushoto nilikwenda na suruali ile ya mtumba, jezi, fulana moja nyembamba, kanga ya mama watoto, na kamba ya mita tatu. Gesti ileile. Ndoo ileile ya lita 20, na onyo lilelile la mhudumu kwamba maji ni hayo hayo mpaka asubuhi, kaka yangu, ukiyamaliza usigonge.

Kosa langu la safari ya kwanza, kumbe, lilianzia kwenye sabuni. Nilimwaga konzi zima la sabuni ya unga kwa sababu nyumbani nimezoea kuona povu jingi. Povu si usafi. Povu ni deni, na utalilipa kwa maji ya kusuuza. Safari hii niliweka kijiko kimoja cha chai kwenye lita nne za maji, nikageuza nguo ndani nje, nikasugua makwapani, kolani na kwenye pindo, basi. Kwingine nilikanda tu.

Halafu kusuuza. Hapa kuna hesabu ambayo laiti mwalimu wangu angenifundisha kwa beseni ningeielewa. Tuseme nguo zako, baada ya kukamuliwa, zimebaki na lita moja ya maji ya sabuni. Ukizitumbukiza kwenye lita 6 za maji safi mara moja, sabuni ile sasa imesambaa kwenye lita 7, na ukikamua utabaki na moja ya saba yake. Ukizigawa zile lita 6 mara mbili, tatu tatu, mara ya kwanza inabaki robo, mara ya pili robo ya robo, yaani moja ya kumi na sita. Maji ni yaleyale. Lakini lazima ukamue katikati, ukiruka hapo hesabu yote inaharibika. Nilisuuza hivyo, na kwenye ndoo yakabaki maji ya kunawa uso. Mhudumu hakuamini, akaja kuchungulia.

Baada ya kukamua sikukimbilia kamba. Nikatandaza kanga kavu kitandani, nikalaza suruali juu yake, nikavikunja pamoja kama mkeka, nikaweka chini nikapanda kwa magoti. Kanga ikanywa. Hapo ndipo ile tabia mbaya ya pamba inakuwa na faida. Nilipokunjua, kanga ilikuwa imelowa kote na suruali imebaki na ubichi wa kuhisi tu. Jezi nikaifanyia vivyo hivyo kwenye upande mwingine wa kanga.

Kamba nikaifunga kutoka nondo ya dirisha hadi msumari wa mlangoni, mbali na ukuta. Mifuko ya suruali nikaitoa nje, kwa maana mifuko na mkanda wa kiunoni ndivyo hukauka mwisho, na ndivyo vitakavyokuaibisha. Miguu nikaitenganisha, isigusane. Jezi nikaitia hanga mbili ili kifua kisishikane na mgongo. Kidirisha cha juu nikakiacha wazi na kuziba baridi kwa blanketi mbili juu yangu, kwa sababu chumba kilichofungwa kabisa hujaa unyevu wa nguo na wa pumzi zako mwenyewe, na nguo hukesha zikijilowesha upya.

Saa kumi na moja alfajiri sikugusa kwa mkono. Asubuhi ya baridi mkono hudanganya. Niliweka mkanda wa suruali juu ya mdomo, chini ya pua, pale ngozi ni nyepesi. Kitu kibichi hapo hukukata kama kisu. Haikunikata. Jezi kavu. Fulana kavu isipokuwa kwapani. Kanga ndiyo iliyokuwa mbichi, nikaifunga kwenye mfuko wa nailoni nikijiandaa kwa maelezo nyumbani.

Sitaki kuipamba poliesta, ina maudhi yake. Haipendi maji lakini mafuta ya mwili inayakumbatia, na ukiivaa siku mbili bila kufua itatangaza jina lako kabla hujaingia chumbani. Pasi ya moto nayo ni adui. Nilishawahi kumwachia kijana wa gesti nyingine apige pasi ya mkaa shati la namna hiyo, akanirudishia shati lenye mkono mmoja na nusu, nusu nyingine ikiwa imeganda kwenye pasi. Akaniambia pole, na kwamba pasi ni ya bosi.

Basi la saa kumi na mbili. Nikakaa dirishani, mkavu, mwenye heshima zangu. Kondakta akapachika juu ya vichwa vyetu tenga la mboga zilizonyunyiziwa maji zisinyauke, na kabla hatujafika Soni lilianza kutuchuruzikia, mimi na kijana wa pembeni yangu, mapajani kwa usawa kabisa. Mombo kwenye joto nilijipapasa: suruali kavu, kama haijawahi kuona maji. Yeye alikuwa amevaa jinzi. Nilipapasa kiti kati yetu, nikamtazama usoni, nikajisogeza taratibu dirishani.