Jinsi ya Kuingiza Mistari Saba Kwenye Nafasi ya Mistari Sita Bila Afishi Kushtuka

Kabla ya kugusa kompyuta, chukua rula. Mara nyingi afishi ya zamani haipatikani kama faili. Faili alikuwa nalo mtu aliyehamia Lubumbashi, na kilichobaki ni karatasi moja ukutani. Basi ishushe polepole, ipitishe kwenye skana, kisha pima.

Tuchukue afishi ya kipindupindu, ukubwa wa A3, iliyobandikwa kwenye zahanati ya Kirungu, juu ya mlima, ambako wagonjwa hupanda kutoka Moba bandarini. Mchoro wake bado mzuri: mama, kikombe, mtoto. Kinachotakiwa kubadilishwa ni aya ndogo ya chini. Inaeleza namna ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari nyumbani, na inamalizia kwa maneno «Wilaya ya Tanganyika, Jimbo la Katanga». Tangu 2015 Katanga ya zamani imegawanywa katika majimbo manne, na Tanganyika ni jimbo lenyewe, makao yake makuu Kalemie. Aya mpya itaanza na pakiti ya SRO, kwa maana pakiti ina vipimo sahihi kuliko kijiko cha mtu yeyote, na itaacha sukari na chumvi kwa siku ambayo pakiti haipo.

Aya mpya ni kama mpangaji anayehamia chumba cha mwenzake na masanduku mengi zaidi. Chumba hakiongezeki. Pima basi chumba: upana milimita 140, urefu milimita 30, mistari 6. Kutoka mstari wa msingi mmoja hadi unaofuata ni milimita 5. Hiyo ni sawa na pointi 14 na kitu, kwa sababu pointi moja ni milimita 0.353. Nafasi ya mistari kwa kawaida huwa ukubwa wa herufi mara 1.2, kwa hiyo herufi zilikuwa za pointi 12. Herufi ya kawaida ya pointi 12 huchukua upana wa milimita 2.1 hivi, nao mstari mmoja unabeba herufi 66, nafasi za katikati zikihesabiwa. Mistari sita inabeba 396.

Sasa hesabu maandishi mapya. Tuseme yamekuja na herufi 523. Kataa kuyabana. Kaa na aliyeyaandika, na kalamu nyekundu, kwa upole, kwa sababu anapenda kila neno lake. «Ni muhimu sana kuhakikisha kwamba maji yamechemshwa na kupoa» ni herufi 60. «Chemsha maji, yaache yapoe» ni 26, na mama aliyembeba mtoto anaielewa upesi zaidi. Anwani nayo inakusaidia bila kuombwa: «Wilaya ya Tanganyika, Jimbo la Katanga» ilikuwa herufi 38, «Jimbo la Tanganyika» ni 19, nusu kamili. Umebaki na 470. Kuna kitu kimoja usichokikata hata ukilia njaa ya nafasi: vipimo. Lita 1 ya maji, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, si vya mlima. Chumvi ikizidi, dawa inageuka hatari.

Herufi 470 dhidi ya 396: zimezidi karibu asilimia 19. Hapa ndipo watu wema hujikwaa. Wanapunguza herufi kwa kiwango kilekile, kutoka 12 hadi 10, na aya inapungua nguvu huku nafasi ikibaki tupu chini yake. Ukipunguza ukubwa wa herufi, unashinda mara mbili: mstari unabeba herufi nyingi zaidi, na mistari yenyewe inakuwa mingi. Kwa hiyo tafuta kipeuo cha pili. Kipeuo cha pili cha 1.19 ni 1.09, na 12 ukigawa kwa 1.09 unapata 11. Pointi moja tu!

Lakini mistari haikatwi nusu. Kwa pointi 11 na nafasi ya kawaida, chumba kinapokea mistari sita na kipande, na kipande hakina faida. Shusha nafasi ya mistari hadi pointi 12. Mistari 7 mara 12 ni pointi 84, yaani milimita 29.6. Mstari wa pointi 11 unabeba herufi 72, saba inabeba 504, na herufi 470 zinapata kukaa pamoja na upotevu wa mwisho wa mistari. Ikiwa bado imezidi, rudi kwenye kalamu nyekundu. Usinyooshe wala usibane herufi kwa upana. Jicho lolote linatambua herufi iliyominywa, hata jicho la asiyejua kusoma.

Panga upande wa kushoto, uache kulia kuwe na meno. Maneno ya Kiswahili ni marefu, na ukilazimisha pande zote mbili zinyooke, mashimo yatatokea katikati ya aya. Zima pia ukataji wa maneno: kompyuta zetu nyingi zimewekwa Kifaransa, na Kifaransa hakijui silabi zetu, kinaweza kukata «mgon-jwa». Kati ya «lita» na «1», weka nafasi isiyovunjika, kwa Ctrl+Shift+Espace kwenye Word. Bila hiyo, «1» huweza kubaki peke yake mwanzoni mwa mstari, na msomaji akasoma «1 ya maji» asijue ya nini. Andika «nusu» kwa neno, kwa sababu «1/2» ikikatika mwishoni mwa mstari, mama anasoma «1».

Halafu rangi. Karatasi ya zamani imekuwa ya manjano. Ukiziba aya ya zamani kwa mstatili mweupe, umebandika kiraka. Usijaribu kuuchafua mstatili. Safisha afishi nzima. Katika GIMP fungua «Niveaux», chagua pipeti ya rangi nyeupe, gusa karatasi palipo safi, na karatasi yote inakuwa nyeupe pamoja na kiraka. Rangi ya maandishi nayo ichukue kwenye kichwa cha habari kilichobaki, kwa maana wino uliopitia skana si mweusi kabisa, na aya nyeusi tii itapiga kelele. Weka skana ya zamani juu ya mpya ikiwa nusu wazi, uone kama ukingo wa kushoto na mstari wa msingi wa kwanza vimekaa pale pale. Kisha simama mbali na ufumbe macho nusu. Aya ikikuita kabla ya mchoro, ni nzito mno.

Soma vipimo vyote kwa sauti, mwenzako akishika maandishi yaliyoidhinishwa na mhudumu wa afya. Asishike yale uliyochapa wewe. Baadaye chapa nakala moja, na kwenye dirisha la kuchapa uzime «Ajuster à la page». Printa ya A4 ikipewa afishi ya A3 inaipunguza hadi asilimia 71, na pointi 11 ulizozipigania zinageuka chini ya 8. Ikiwa A3 haipatikani Kirungu, chapa vipande viwili vya A4 kwa ukubwa kamili, uvibandike pamoja, na hakikisha mshono unapita kwenye mchoro, mbali na vijiko vya sukari na chumvi.