Wiki ya Aya Moja

Jumatatu

Jirani yangu, mama lishe wa pale stendi, amebisha hodi magharibi akiwa na barua yake mkononi. Imerudishwa dirishani, ofisi ya maji. "Shikamoo mwalimu. Karani kaniambia haelewi nataka nini." Nikamkaribisha ndani, nikavaa miwani. Umeme ulikatika nikiwa sentensi ya tatu, nikaendelea kwa tochi ya simu. Betri ilikuwa asilimia 9.

Barua inahusu ankara ya maji, na chini ya salamu ina aya moja tu. Nainakili kama alivyoiandika:

"Mimi ni mama lishe na ninaishi mtaa huu tangu mwaka 2009. Mwezi wa Machi nilipata ankara ya shilingi 18,000 kama kawaida yangu. Tarehe 3 Aprili nilikwenda Lushoto kumuuguza mama yangu mzazi, nyumba nikaifunga. Dada yangu naye alisumbuliwa sana na bili ya umeme mwaka jana. Niliporudi tarehe 2 Mei nikakuta ankara ya shilingi 93,600. Msoma mita hakuweza kuingia kwa sababu geti lilikuwa na kufuli. Mita inasoma 1,405 lakini ankara imeandika 1,455. Kwa hiyo naomba ankara hiyo irekebishwe kwa sababu haikutokana na kusoma mita."

Ni Kiswahili safi. Kila sentensi peke yake haina kosa, na malalamiko yake ni ya haki kabisa. Tatizo ni kwamba ombi limekaa mwisho, na karani hakufika huko. Alisoma habari za mama lishe, za Lushoto, za dada na umeme, akaikunja. Simu ilizimika hapo hapo.

Jumanne

Nimemsindikiza ofisini ili nione barua zinavyosomwa. Foleni ilianza dirishani, ikapita benchi, ikaishia chini ya mwembe. Nafasi yetu ilikuwa kwenye mwembe. Mwembe huo una siafu.

Tulipokaribia nilimtazama karani kwa makini. Anafungua barua, anasoma mistari miwili ya juu, kisha anaandika kitu kwenye daftari la kupokelea lenye safu tatu: tarehe, jina, na "Kuhusu". Asipopata cha kuandika kwenye safu ya tatu, anamrudishia mtu barua yake. Hana ukali wowote. Ana rundo la barua kwenye kiwiko na watu wanaendelea kuingia. Msomaji wa namna hii lazima apewe jambo lenyewe kwanza, ili kila anachosoma baadaye ajue anakisomea nini. Akiambiwa kwanza kwamba ankara haikusomwa kwenye mita, kufuli la geti linakuwa ushahidi. Akikutana na kufuli kabla ya kuambiwa hivyo, ni kufuli tu.

Zamu yetu ilipofika, dirisha lilifungwa kwa chakula cha mchana. Tukarudi kwa bajaji.

Jumatano

Leo tumeikalia aya yenyewe, mezani kwake, kabla wateja wa supu hawajafika. Kuna meza moja tu isiyoyumba, na alikuwa ameiwekea sufuria.

Kazi ya kwanza ni kuipata sentensi kuu. Nilimwambia afunike kwa kiganja sentensi moja baada ya nyingine na kila mara aniulize kama bado najua anachotaka. Alifunika Lushoto, nikajua. Alifunika Machi, nikajua. Alipofunika ya mwisho sikujua tena, kwa hiyo ndiyo hiyo. Kwenye aya za watu wengi inakaa palepale, mwishoni, maana mtu huandika kwa mpangilio aliofikiria: kwanza yaliyotokea, halafu hitimisho. Mara nyingi imetanguliwa na "kwa hiyo" au "ndiyo maana", na mtu anaweza kuitafuta kwa alama hiyo tu.

Akachukua kalamu, akaipandisha juu kama ilivyo: "Kwa hiyo naomba ankara hiyo irekebishwe kwa sababu haikutokana na kusoma mita." Haikukaa. "Kwa hiyo" inategemea maelezo yaliyotangulia, na sasa hayapo. "Hiyo" inamrudisha msomaji kwenye ankara iliyokwisha kutajwa, na hapa haijatajwa bado. Sentensi inayohamia mwanzoni huacha nyuma vitu vyote ilivyokuwa ikivitegemea, na inabidi irudishiwe: ankara ipi, ya mwezi gani, ya kiasi gani, ina kasoro gani. Tukaandika: "Naomba ankara yangu ya maji ya Aprili, ya shilingi 93,600, irekebishwe kwa sababu uniti zilizoandikwa hazikusomwa kwenye mita." Mteja wa kwanza akafika, tukaahirisha kwa bakuli moja la supu.

Jirani yangu aliporudi alikuwa na hoja, na ni hoja nzito. "Mwalimu, kuanza na 'naomba' mtu hata sijamwambia mimi ni nani, si utovu wa adabu?" Nililifikiria hilo kwa dhati, maana adabu ni jambo la kweli na msomaji huisikia ikikosekana. Jibu ni kwamba adabu ina mahali pake kwenye barua: jina na anwani juu, kichwa cha habari, na salamu yake fupi kwenye mstari wake. Aya ya ombi inakuja chini ya hayo, na humo ombi linatangulia. Aliridhika. Kuna nzi aliyeanguka kwenye wino wa kalamu yake inayovuja, tukampoteza yeye na neno "Aprili".

Kazi ya pili ni kuzihoji sentensi zilizobaki. Kila moja inawekwa mbele ya sentensi kuu na kuulizwa: unanisaidia kuamini kwamba uniti hazikusomwa kwenye mita? Tofauti ya 1,405 na 1,455 inajibu ndiyo. Kufuli linajibu ndiyo. Safari inajibu ndiyo, kwa sababu inaeleza kwa nini maji hayakutumika. Umeme wa dada haujibu kitu, ukafutwa. Mwaka 2009 nao haujibu kitu, maana kukaa sana mtaani hakuthibitishi namba ya mita. Aliusikitikia, kwa kuwa ndio mwaka aliojenga.

Ankara ya Machi ilitusumbua zaidi. Shilingi 18,000 inaonyesha kwamba ya Aprili ni kubwa, lakini sentensi kuu yetu haisemi kwamba ankara ni kubwa, inasema haikusomwa. Ankara inaweza kuwa kubwa na ikawa sahihi. Tukaitafuta ya Machi kwenye boksi la viatu na kukuta iliishia kwenye namba 1,403. Hiyo ndiyo namba tuliyoihitaji. Aliyotumia ni uniti 2, waliyomwandikia ni 52. Namba moja ikaingia kwenye aya, shilingi 18,000 zikatoka. Boksi lilikuwa chini ya magunia ya mchele, na nimeumwa mgongo tangu adhuhuri.

Alikuwa amependekeza pia tuanze na "Huduma ya maji mtaani kwetu ina matatizo mengi." Hapo nilikataa kabisa. Sentensi pana kiasi hicho inampokea kila mgeni: umeme wa dada ungepata pa kukaa, na bomba lililopasuka barabarani, na mgao wa Jumapili. Sentensi kuu nzuri inafukuza. Ukiiandika na usione hata sentensi moja ya kutoa kwenye aya, ipunguze upana kwanza. Mvua ikaanza, tukahamisha meza.

Alhamisi

Mpangilio wa mwisho umechukua asubuhi. Jirani yangu alizoea kufuata tarehe: Machi, Aprili, Mei. Lakini sentensi kuu ikishatangulia, zilizobaki zinafuata uzito. Namba za mita ndizo ushahidi wenyewe, zikakaa karibu na kichwa. Safari inaeleza namba, ikafuata namba. Kufuli linaeleza kwa nini mita haikufikiwa, likafunga. Aya sasa inasomeka hivi:

"Naomba ankara yangu ya maji ya Aprili, ya shilingi 93,600, irekebishwe kwa sababu uniti zilizoandikwa hazikusomwa kwenye mita. Ankara inaonyesha mita imefika 1,455, lakini tarehe 2 Mei mita ilisoma 1,405, kama inavyoonekana kwenye picha niliyoambatanisha. Ankara ya Machi iliishia 1,403, kwa hiyo nimetumia uniti 2, si 52. Matumizi ni madogo kwa sababu nyumba ilikuwa imefungwa tangu tarehe 3 Aprili, nilipokwenda Lushoto kumuuguza mama. Geti lilikuwa na kufuli muda wote huo, na mita iko ndani ya geti."

Niliipeleka kwa kijana wa kuchapa. Printa ilikuwa inasubiri wino kutoka mjini. Nikasubiri nayo.

Hapo nilikutana na mstaafu mwenzangu, tukabishana. Anasema kanuni hii ya kutanguliza sentensi kuu ni ya darasani, haiko kwenye maandishi ya kweli. Ana hoja. Alexander Bain, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Aberdeen, aliiweka miongoni mwa kanuni zake za aya mwaka 1866, na hata yeye aliiachia nafasi sentensi ya utangulizi. Mwaka 1974 Mmarekani Richard Braddock alichapisha uchunguzi wa insha 25 kutoka majarida ya kwao, na aya zilizoanza na sentensi kuu zilikuwa karibu asilimia 13 tu. Nilimjibu kwamba msomaji wa jarida amekaa kitini na ameinunua insha kwa hiari yake. Wa dirishani amesimama. Nilimkubalia pia kwamba kuna aya zisizofaa kugeuzwa: kisa hupoteza utamu ukitanguliza mwisho wake, na barua ya msiba haitangulizi habari kabla ya kumwandaa mtu. Wino ulifika saa kumi na moja, wa rangi ya bluu.

Ijumaa

Tumewahi, tukakuta foleni imewahi zaidi. Mwembe tena. Safari hii nilivaa viatu vya kufunika.

Karani alisoma sentensi ya kwanza, akaandika kwenye safu ya "Kuhusu": marekebisho ya ankara ya Aprili, mita haikusomwa. Akainua picha, akalinganisha namba, akagonga muhuri. Msoma mita atatumwa wiki ijayo, siku hakuitaja. Jirani yangu atalazimika kuacha mtu nyumbani kutwa.

Tukiwa njiani akanikabidhi karatasi nyingine. Ni ya mkopo wa kikundi chao cha akina mama, aya tatu, na zote zinaishia na "kwa hiyo tunaomba". Nimemwambia tuanze na kiganja, kesho, kabla ya supu. Ameniomba pia nije na stuli yangu.