Punda wa Ukumbi wa Harusi

Miongoni mwa namna zote za kujifaidi kwa mali ya mwenzio, sijaona iliyo na utulivu kama ile ya mtu aliyependezwa na picha katika tovuti ya mwingine, asijishughulishe kuipakua wala kuiomba, bali akaandika katika ukurasa wake anwani ya picha ile tu, hata ikawa kila msomaji afunguapo ukurasa huo, kivinjari chake hupiga mbio mpaka kwenye seva ya mwenye picha kuifuata. Ni sawa na kualika watu karamu kwako, kisha ukawaelekeza wakale kwa jirani, naye jirani hana habari ila aonapo sufuria tupu.

Mimi ndiye niliyekuwa jirani. Katika tovuti yangu ndogo ya milango ya nakshi ya Lamu mna picha moja ya mlango ambayo, kwa kiburi changu, niliiweka kubwa mno, megabaiti 2 kamili. Na picha ya kadiri hiyo ikitazamwa mara 500 kwa siku humeza gigabaiti nzima ya data, ambayo mlipaji wake ni mwenye seva, si yule anayejipamba kwayo. Nilipoona ankara imepanda ilhali wasomaji wangu ni wale wale wachache, nilifungua kumbukumbu za seva, ambamo aghalabu kila ombi la picha huja na kichwa kiitwacho `Referer`, kitajacho tovuti iliyolituma. Mstari baada ya mstari palitajwa ukumbi mmoja wa harusi wa Mombasa. Katika ukurasa wao, juu ya bei za viti na mahema, paliandikwa hivi, ila jina la tovuti yangu nimelibadili:

```
<img src="https://milango.example/picha/mlango.jpg">
```

Niliwaandikia kwa jamala, wasijibu. Hapo nikakumbuka kisa cha mwaka 2007, cha Seneta John McCain wa Marekani alipokuwa akiwania urais, ambaye ukurasa wake wa MySpace ulitumia kiolezo cha mbunifu Mike Davidson, pamoja na picha iliyokuwa ikichotwa katika seva ya Davidson mwenyewe, ijapokuwa mbunifu huyo alikuwa amewaomba watumiaji wamtaje na waweke picha katika seva zao. Davidson hakuvunja mlango wa mtu. Alibadili picha yake, katika seva yake, na ukurasa wa seneta ukaamka ukitangaza kwamba amegeuza msimamo na sasa anaunga mkono ndoa za jinsia moja. Hiyo ndiyo hatari ambayo wengi hawaihesabu: anayechota picha kwa mwingine amemkabidhi mtu asiyemjua kalamu ya kuandikia ukutani mwake.

Basi nikaupa mlango wangu jina jipya la faili, na chini ya lile jina la zamani nikaweka picha ya punda wa Lamu, taabani, aliyebeba matofali ya matumbawe.

Lililonishangaza ni kwamba mwenye ukumbi ndiye aliyekuwa wa mwisho kumwona. Kivinjari cha simu yake kilikuwa kimehifadhi nakala ya zamani, kwa hiyo yeye aliendelea kuutazama mlango wake mzuri, huku wateja wageni, wasio na nakala, wakilakiwa na punda. Na mama mmoja mwenye bintiye wa kuozwa akampigia kumwuliza kama ule ndio usafiri wa bwana harusi. Siku nakala ile ilipokwisha muda, simu yangu ikalia.

“Sheikh, punda huyu ni wako?”

“Ni wangu, mzee, na seva anamolala ni yangu pia.”

Akacheka, na hapo tukapatana. Nilimpa idhini kwa sharti la kunitaja, nikampelekea nakala iliyopunguzwa hadi kilobaiti 150, akaiweka katika seva yake, na anwani ikawa `/picha/mlango.jpg` ya nyumbani kwake. Nilimweleza pia kuwa kutaja jina la mpigapicha hakuwi badala ya ruhusa, ila pale mwenyewe alipokwisha kuitoa kwa leseni, kama zilivyo picha nyingi za Wikimedia Commons, ambazo mtu huzipakua kisha akaandika chini yake jina la mpigapicha, jina la leseni, mathalani CC BY-SA 4.0, na kiungo cha picha yenyewe na cha leseni, na akibadili kitu aseme amekibadili. Commons hawakatazi kuchota moja kwa moja kwao, walakini hawapendekezi, kwani faili huko huweza kubadilishwa au kufutwa bila kukungoja. Kuhusu kuiamuru seva iwakatalie wote wasio na `Referer` ya tovuti yangu, nimeliacha. Wako wasomaji halali ambao vivinjari vyao huficha kichwa hicho, na mwenye nia mbaya hukighushi.

Mzee yule alitimiza sharti la kunitaja kupita kiasi. Chini ya mlango aliandika jina langu kwa herufi nene na, kwa ukarimu asioombwa, nambari yangu ya simu, hata leo napigiwa na maharusi wakiuliza kama bei ni pamoja na viti.