Tarakimu 2 Kwenye Karatasi ya Mtihani

Wanaosema ufupisho wa simu unaua lugha wamemkamata asiye na kosa. Tazama tarakimu 2. Dar es Salaam, 2po ni "tupo", kwa kuwa 2 husomwa kwa Kiingereza. Runingu, ambako sekondari husoma kwa Kifaransa, 2m1 ni "demain", yaani "kesho" ya Kifaransa. Na 2po kwa sauti hiyohiyo inageuka "depo", penye makreti ya bia. Ufupisho huu unahitaji msomaji anayemjua mwandishi. Msahihishaji wa egzeta hamjui mtu, wala hakuajiriwa kupiga ramli.

Mtasema: mbona "n.k." inaruhusiwa? Kwa sababu wote huisoma namna moja. Wala misimu yenyewe haina hatia: mhusika wa insha akiandika "uko wapi xaxa?" ndani ya alama za kunukuu, kisha msimulizi akarudi kwenye "sasa", huo ni ufundi. Kosa ni usahaulifu, nao hujitaja wenyewe: x inachungulia katika barua kwa prefe, bega kwa bega na "kwa heshima na taadhima". Kandambili si dhambi. Jukwaani huvaliwa na mwigizaji, kanisani na aliyesahau.