Mpangaji Atakaa Mpaka Idi

Shangazi yangu huuza nguo na viatu vya watoto, na kila Ramadhani hutafuta fremu Kariakoo ya kulipia kwa wiki. Kwa kawaida mwenye fremu hataki hata kusikia habari za wiki. Anataka kodi ya miezi sita au ya mwaka, taslimu. Lakini mpangaji akihama na mwingine hajapatikana, fremu tupu haimpi kitu, na hapo ndipo dalali anapokumbuka kwamba ana namba ya shangazi.

Mwaka huo walikubaliana Sh 210,000 kwa wiki. Mkataba uliandikwa kwenye karatasi ya daftari, shahidi akiwa dalali mwenyewe, ambaye nadhani alishuhudia zaidi kamisheni yake. Kuhusu muda waliandika: "Mpangaji atakaa mpaka Idi." Wote wawili wakaridhika, maana nani asiyeijua Idi?

Funguo alikabidhiwa Ramadhani mosi, akalipia wiki nne. Sasa, wiki nne ni siku 28, na Ramadhani haijawahi kuwa na siku 28; ni 29 au 30. Kwa hiyo siku ya 29 mzee mwenye fremu alifika asubuhi na mapema: wiki ya tano imeanza, kodi tafadhali. Shangazi akataka alipie siku tu. Mzee akasema yeye anakodisha kwa wiki, siku haziuzi. Shangazi akatoa Sh 210,000 huku ananung'unika, kwa sababu mauzo ya mwezi mzima hutegemea hizo siku za mwisho.

Jioni mwezi ukaandama. Kariakoo ikafurika, akina mama wameshika watoto mkono, kila mmoja anataka kiatu cha kesho. Mzee naye akarudi na kufuli.

"Mama, mwezi umeonekana. Idi hiyo, mkataba umeisha."

Shangazi akamwambia Idi ni kesho. Mzee akajibu, kwa upole wa mtu aliyekwisha swali, kwamba siku ya Kiislamu huingia magharibi. Kinyozi wa fremu ya pili akadakia kwamba kuna watu mtaani hapo walikwisha swali Idi asubuhi ile ile kwa kufuata mwezi wa kimataifa, je, wao mkataba wao uliisha lini? Kwa hiyo kwenye kulipa, wiki ilikuwa siku saba kamili. Kwenye kuondoka, wiki hiyo hiyo ilikuwa mchana mmoja. Kilichomwokoa shangazi hakikuwa sheria. Mlangoni palikuwa na mtoto amevaa kiatu kimoja, mama yake anatafuta cha pili, na nyuma yao foleni. Mlango wa chuma haushuki juu ya vichwa vya watu. Mzee akakaa kwenye kreti kungoja, na kabla ya saa sita usiku wateja walikuwa wakimuuliza yeye bei.

Mwaka uliofuata, kwa fremu nyingine, shangazi aliniita niandike huku yeye ananisomea kutoka akilini. Wiki ni siku saba, kuanzia saa ya kukabidhiwa funguo. Mwisho ni tarehe ya kalenda, saa nne usiku, siku mbili baada ya ile ambayo Idi inatarajiwa, ili mwezi uandame utakavyo na mizigo ipate muda wa kutoka. Siku inayozidi wiki kamili hulipiwa moja ya saba ya kodi, yaani kwa ile Sh 210,000 ingekuwa Sh 30,000. Hapo nilielewa kilichokuwa kikimnung'unisha mwaka mzima.

Umeme nao ulitaka sentensi yake. Fremu nyingi hugawana mita moja ya LUKU, na unaweza kuwasha taa mbili huku ukimgandishia jirani barafu. Tukaandika kiasi maalumu kwa wiki, friji ya jirani haimhusu. Dhamana irudishwe papo hapo funguo zinaporudi, si "njoo kesho", na hali ya kuta, balbu na kufuli tukaipiga picha mwenye fremu akiwepo, maana kila tundu la msumari hudaiwa mpangaji wa mwisho.

Mwenye fremu alikuwa bwana mkarimu. Alisoma akitikisa kichwa kukubali, mpaka alipofika pale shangazi alipoandikisha kwamba kwenye kibaraza, kuanzia mlangoni hadi mtaroni, asiwekwe muuzaji mwingine.

"Ila yule mwenye mwavuli, mama, huyo ni mkwe wangu."

"Anauza nini?"

"Viatu vya watoto."

Shangazi akachukua kalamu mkononi mwangu, akafuta neno kibaraza, kisha akapanda juu kwenye mstari wa kodi na kupunguza Sh 40,000 kwa wiki. Bwana akaitazama karatasi, akamtazama mkwe wake, akamwita ahamishe mwavuli.