Fuata Mshale

Karibu kazini, dada. Huu mchoro uliobandikwa juu ya meza ya chai ndio njia ya kuidhinisha ununuzi. Kisanduku ni hatua. Hiki kilichokatwa kama kashata ni swali, nacho hutoa mishale miwili: Ndiyo na Hapana.

Tuseme mkanda wa mashine umekatika hapa Thika. Bei yake ni shilingi 1,800. Unajaza fomu, msimamizi anatia sahihi, stoo wanathibitisha kwamba hawana. Halafu unaleta bei za maandishi kutoka maduka matatu. Duka lenye mkanda huo ni moja tu, lakini usijali, mwenyewe ana mihuri mitatu. Kisha faili inapanda matatu kwenda Ruiru, kwa mhasibu.

Sasa tazama mshale wa Hapana. Haurudi kwenye kosa, unarudi mwanzo kabisa, kwenye fomu. Juzi tarehe moja haikusomeka, nikazianza sahihi zote upya. Tena kila kisanduku kina cheo, hakuna hata kimoja chenye idadi ya siku. Karatasi ikilala Ruiru wiki mbili, kwa mchoro huu hakuna aliyechelewa.

Huu mshale wa kalamu, unaotoka kwa msimamizi moja kwa moja hadi dukani? Huo aliuchora fundi. Mashine unazozisikia zikinguruma zilipitia hapo.

Usiukariri sana mchoro wenyewe. Hii ni rasimu. Nakala kamili iko Ruiru, inasubiri kuidhinishwa.