Shangazi Kizoleo Anajibu: Namficha Nyuma ya Mlango

*Shangazi, shikamoo. Naishi Sinza na mume wangu, fleti ya chumba, sebule, jiko na choo cha ndani. Stoo hakuna. Kuna mmoja namficha nyuma ya mlango wa choo. Mrefu, mwembamba, nywele hadi sakafuni. Kila asubuhi analowa na mpaka jioni hajakauka, sasa ameanza kunuka. Mume wangu anamjua na hana neno, ila mama mkwe anakuja Ijumaa kutoka Tanga, atakaa mwezi mzima. Nimfiche wapi? Mke wa Mtu.*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikatafuta kiti, na nilipofika kwenye nywele ndipo nikajua ni dekio. Mungu akusamehe.

Mkweo hatalitambua kwa macho, atalitambua kwa pua. Nyuzi za pamba zikikaa na unyevu mahali pasipopita hewa zinaota ukungu, na hewa ya Dar yenyewe ina maji ya kutosha, masika ndiyo usiseme. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta pa kulificha, tafuta pa kulikaushia. Hizo ni sehemu mbili tofauti, na watu wengi wanazichanganya.

Leo loweka nyuzi kwenye ndoo ya maji yenye kifuniko kimoja au viwili vya jiki kwa dakika kumi, suuza, kamua kwa nguvu zako zote. Kisha lining'inize kwenye kibaraza au dirishani, nyuzi zikining'inia bila kugusa sakafu wala ndoo. Dekio lililosimamishwa ndani ya ndoo yake halikauki, linaiva. Kama la sasa limeshachakaa, nunua lile ambalo kichwa chake kinafunguka, na vichwa viwili. Kimoja kinapigwa jua kwenye kamba pamoja na matambara, kingine kinafanya kazi. Kinachobaki kufichwa ni mti mkavu tu, na mti haunuki.

Sasa mti huo na ufagio wa ndani viende nyuma ya mlango, lakini mlango wa chumbani, si wa choo, kwa sababu chooni kila anayeoga anavilowesha upya. Fungua mlango mpaka unapofikia na upime nafasi iliyobaki kati yake na ukuta. Usipime katikati ya mlango, pima kwenye kitasa, maana kitasa ndicho kinachofika ukutani kwanza. Tuseme kwako zimebaki sentimita tisa, na kitasa kimejitokeza sita. Ufagio wenye kichwa cha sentimita tano kwa unene utakaa vizuri ukining'inizwa kibapa, yaani upana wa kichwa ukilala ukutani, upande wa bawaba, mbali na kitasa. Ukiugeuza, kichwa chenye upana wa sentimita thelathini kitausukuma mlango usoni mwa mkweo. Na uuning'inize kweli. Ufagio wa nyuzi laini ukisimamia nyuzi zake mwezi mzima unapinda upande mmoja, na ukipinda hauzoi, unapaka.

Najua utauliza habari ya mwenye nyumba asiyetaka ukuta utobolewe. Kulabu za kubandika mara nyingi hazishiki vizuri kwenye rangi ya maji. Zinaanguka usiku na kipande cha rangi, na hicho kipande utakilipia siku ya kuhama. Zinashika kwenye vigae au kwenye mbao iliyopakwa vanishi, ukipafuta kwanza kwa spiriti, ukapaacha pakauke, ukaibana kulabu na kuiacha mpaka kesho yake kabla ya kuitwika chochote. Zipo pia kulabu za bati zinazovalishwa juu ya mlango. Kabla ya kununua, funga mlango na ujaribu kupitisha sarafu ya shilingi mia mbili kati yake na fremu. Ikikwama, usinunue, mlango hautafunga.

Na mti na ufagio usivibane pembeni mwa friji. Friji nyingi za siku hizi hutolea joto ubavuni. Gusa ubavu wake mchana. Ukiwa wa moto, hapo si stoo.

*Shangazi, mimi ni bachela, Kariakoo ghorofa ya nne. Dastibini nimeificha kabatini chini ya sinki ili wageni wasiione. Kweli hawaioni, ila wananiuliza panya amefia wapi. Mpangaji.*

Kosa lako ni ukubwa wa dastibini, mwanangu. Nahisi umenunua ya lita thelathini, na mtu mmoja haijazi kwa siku mbili. Kwa hiyo unasubiri ijae, na vichwa vya dagaa vya Jumanne vinakusubiri pamoja nawe mpaka Jumamosi. Chukua ya lita kumi au kumi na mbili yenye kifuniko. Itakulazimisha kushuka ngazi, na ghorofa nne ni mazoezi ya bure.

Hiyo ndogo inaweza kuning'inia ndani ya mlango wa kabati, lakini pima vitu vitatu. Uwazi wa mlango ukiwa wazi, si upana wa kabati, maana bawaba na fremu vinakula sentimita kadhaa. Kimo, kutoka chini mpaka kwenye bakuli la sinki, ukiacha nafasi ya kufunulia kifuniko. Na umbali kutoka mlangoni mpaka kwenye lile bomba lililopinda. Bomba likiwa sentimita ishirini na mbili kutoka mlangoni na dastibini ina kina cha kumi na nane, unabakiwa na nne, inatosha. Ikiwa na kina cha ishirini na tano, kila ukifunga mlango utaligonga bomba, nati italegea, na maji yatadondoka polepole mpaka sakafu ya kabati ivimbe kama maandazi.

Maganda yachuje maji kwanza, kisha yafunge kwenye gazeti. Mabaki ya samaki yafunge, uyaweke kwenye friza mpaka siku ya gari la taka. Wageni wako hawafungui friza. Wakifungua, una tatizo lingine la wageni.

*Shangazi, nimenunua chupa kumi zinazofanana, nikahamishia jiki, dawa ya choo na sabuni ya maji, nikazipanga kwenye kikapu kizuri. Mwanangu ana miaka mitatu. Nimependeza? Mama Nadhifu.*

Umependeza, na umenitia hofu. Dawa nyingi za choo zina asidi. Zikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini, na ndani ya choo kisicho na dirisha gesi hiyo haina pa kwenda isipokuwa mapafuni mwako. Sasa umezifanya zifanane, kwa hiyo siku utakayokuwa na haraka hutajua umemimina nini juu ya nini. Na mtoto wa miaka mitatu anajua chupa ni ya kunywea. Dawa za mtaani zinazouzwa kwenye chupa za maji ya kunywa usiziingize ndani kabisa.

Usizirudishe kwenye makopo ya zamani kwa kubahatisha. Kama huna uhakika ipi ni ipi, usinuse. Zitupe, nunua mpya, ziache na lebo zake, zikiwa zimesimama, kwenye kabati la juu lenye kufuli. Jiki upande wake, dawa ya choo upande mwingine. Kikapu weka vitunguu.

*Shangazi, mke wangu kasoma ushauri wako, kaficha ufagio vizuri mno. Siuoni. Baba Watatu.*

Mlango wa chumbani, upande wa bawaba, kulabu ya pili. Kizoleo kiko nao hapo hapo. Ukimaliza sebule, kuna jiko.